Barua pepe ya kuomba cheti mbadala

Barua pepe ya kuomba cheti kilichopotea ni barua rasmi yenye kazi moja kubwa: kumwezesha ofisa anayeipokea aipate kumbukumbu ya mwombaji bila kulazimika kuandika kuuliza chochote. Ofisa huyo hamjui mwombaji wala shida yake. Anachokuwa nacho ni kanzidata yenye mamilioni ya majina yanayofanana, pamoja na jukumu la kuhakikisha kwamba anayeomba ndiye mwenye cheti. Barua inayomsaidia kwa mambo hayo mawili hushughulikiwa upesi. Inayosimulia dhiki ya mwombaji kurasa mbili bila namba ya mtihani humrudisha ofisa mwanzo, naye hujibu kwa kuomba maelezo zaidi, na wiki zinapita.

Mfano unaowagusa wengi Tanzania ni cheti cha Kidato cha Nne. Mwenye kumbukumbu ni Baraza la Mitihani la Tanzania, lile linaloitwa NECTA, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973 baada ya Tanzania kujitoa kwenye baraza la mitihani la pamoja la Afrika Mashariki mwaka 1971. Shule hupokea vyeti na kuvigawa, lakini haiwezi kuchapa kingine. Halmashauri haiwezi, na wizara nayo haiwezi. Anayeandika kwa mkuu wa shule au kwa katibu mkuu wa wizara akiomba cheti kipya amekosea mlango tangu mwanzo, hata kama barua yake haina dosari nyingine.

Jambo jingine la kujua kabla ya kuandika ni kwamba barua pepe haichukui nafasi ya fomu. Ombi la cheti mbadala lina fomu ya Baraza, lina ada, na lina masharti yake: taarifa ya upotevu kutoka polisi na tangazo la gazetini ni sehemu ya masharti hayo. Barua pepe ina nafasi yake pale mwombaji anapokuwa na jambo ambalo fomu haina kisanduku chake, kwa mfano jina lililobadilika baada ya ndoa, au anapokuwa mbali na Dar es Salaam na anataka ombi lake lisomwe pamoja na maelezo, au ombi lililokwishatumwa linapokwama. Vilevile vyeti vyote haviko kwenye kundi moja. Vyenye picha ya mtahiniwa huweza kuombewa mbadala, kwa kuwa Baraza lina sura ya kulinganisha. Kwa vile vya zamani visivyo na picha, njia iliyozoeleka ni Baraza kutoa uthibitisho wa matokeo na kuupeleka moja kwa moja kwa mwajiri au chuo kinachouhitaji. Mwenye cheti cha aina hiyo akiomba cheti mbadala atakuwa ameomba kisichotolewa. Anapaswa kuomba uthibitisho, na ataje ofisi inayopaswa kuupokea.

Umakini huu wote una sababu. Mwezi Aprili 2017, baada ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, serikali ilitangaza kwamba watumishi 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Ofisa anayeombwa kutoa cheti cha pili anafanya kazi akijua kuwa wapo watu wanaoomba kwa jina la mtu mwingine. Akiuliza sana, si ukorofi. Ni kinga ya mwenye cheti halali.

Namba ya mtihani ndiyo nguzo ya barua. Huandikwa kwa sehemu tatu, mfano S9999/0147/2016. Sehemu ya kwanza ni kituo cha mtihani: herufi S huwa kwa watahiniwa wa shule, na P kwa watahiniwa wa kujitegemea. Sehemu ya pili ni namba ya mtahiniwa ndani ya kituo hicho, na ya tatu ni mwaka. Kosa la mara kwa mara liko kwenye mwaka. Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka mwanzoni mwa mwaka unaofuata, na watu wengi hukumbuka mwaka wa matokeo kwa sababu ndio mwaka wa furaha au machozi. Aliyefanya mtihani Novemba 2016 na kupata matokeo Januari 2017 ni mtahiniwa wa 2016. Akiandika 2017, ofisa atafungua kumbukumbu ya mtu mwingine kabisa, au atakuta namba haipo.

Aliyesahau namba yake ana njia za kuipata. Nakala ya cheti iliyoachwa kwa mwajiri au chuoni huwa nayo. Shule nayo huweka orodha za watahiniwa wake. Matokeo ya miaka mingi yapo kwenye tovuti ya Baraza, yamepangwa kwa shule, lakini orodha za Kidato cha Nne haziandiki majina: mstari mmoja una namba, jinsi, daraja na alama za kila somo. Anayekumbuka alama zake zote anaweza kuutambua mstari wake. Anayekumbuka daraja tu asikisie, kwa sababu darasa moja linaweza kuwa na wasichana kumi wenye daraja la tatu, na kukisia ni kuomba cheti cha mwenzake. Bora aandike jina la shule, mwaka wa mtihani na majina aliyosajiliwa nayo, kisha aseme wazi kwamba namba haikumbuki.

Majina ndiyo sehemu ya pili inayoangusha barua nyingi. Kumbukumbu ya Baraza inabaki na majina yaliyosajiliwa shuleni, kwa herufi zilezile, hata kama karani aliandika Mwanaidi badala ya Mwanahidi. Barua lazima itumie majina hayo, si yale ambayo mwombaji anaitwa leo. Kama kitambulisho cha taifa kina jina la mume, au kina majina mawili pale ambapo cheti kina matatu, tofauti hiyo itajwe ndani ya barua kwa sentensi moja na iambatanishiwe hati ya kuithibitisha, kama cheti cha ndoa au kiapo. Ofisa akiigundua mwenyewe, itamtia shaka. Akielezwa mapema, ataishughulikia kama jambo la kawaida, kwa sababu ni jambo la kawaida kweli.

Ushahidi wa upotevu unahitaji uangalifu wake. Taarifa ya polisi, ambayo mitaani huitwa losi ripoti, inafaa tu kama imekitaja cheti chenyewe. Mara nyingi mtu aliyepoteza begi hutaja simu, kadi ya benki na kitambulisho, halafu anamalizia kwa “na vyeti vya shule”. Maneno hayo hayatoshi. Taarifa iandikwe cheti cha Kidato cha Nne, namba ya mtihani, na jina lililomo ndani yake, na majina hayo yafanane na yaliyo kwenye tangazo la gazeti na kwenye barua. Hati tatu zenye namba tatu zinazotofautiana kwa tarakimu moja zinatosha kurudisha ombi lote.

Tuchukue mwombaji aliyefanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2016, cheti chake kikapotea na begi ndani ya basi kati ya Dodoma na Morogoro. Sasa anaishi Mwanza, ameolewa, na kitambulisho chake cha taifa kina jina la mume. Barua yake inaweza kusomeka hivi:

> Mada: Ombi la cheti mbadala cha Kidato cha Nne – S9999/0147/2016
>
> Katibu Mtendaji,
> Baraza la Mitihani la Tanzania,
> S.L.P. 2624,
> DAR ES SALAAM.
>
> 14 Machi 2025
>
> Ndugu Katibu Mtendaji,
>
> YAH: OMBI LA CHETI MBADALA CHA KIDATO CHA NNE
>
> Ninaomba kupatiwa cheti mbadala cha mtihani wa Kidato cha Nne nilioufanya Novemba 2016. Cheti chango cha awali kilipotea tarehe 6 Januari 2025 nikiwa safarini kwa basi kutoka Dodoma kwenda Morogoro.
>
> Kumbukumbu zangu ni hizi: namba ya mtihani S9999/0147/2016, majina kama yalivyo kwenye cheti (majina matatu), shule (jina la shule na wilaya), tarehe ya kuzaliwa (siku, mwezi, mwaka).
>
> Kitambulisho changu cha taifa kina jina la mume wangu badala ya jina la ukoo lililo kwenye cheti. Nimeambatanisha cheti cha ndoa kuthibitisha kwamba majina yote mawili ni yangu.
>
> Upotevu niliutoa taarifa polisi tarehe 8 Januari 2025 na kuutangaza gazetini tarehe 15 Januari 2025.
>
> Viambatisho ni sita: (1) barua hii ikiwa na sahihi, (2) fomu ya maombi iliyojazwa, (3) taarifa ya upotevu ya polisi, (4) ukurasa wa gazeti wenye tangazo, (5) nakala ya kitambulisho cha taifa, (6) nakala ya cheti cha ndoa.
>
> Ninaomba kujulishwa namba ya malipo ya ada, pamoja na kama kuna hati nyingine inayohitajika. Ninapatikana kwa simu (namba) na kwa barua pepe hii.
>
> Wako mtiifu,
> (jina kamili)
> (anwani ya posta, Mwanza)

Mada ya barua pepe ndiyo inayoonekana kwanza kwenye orodha ya barua mia za siku hiyo. Ikibeba aina ya ombi na namba ya mtihani, mpokeaji anaweza kuipeleka kwenye kitengo husika bila hata kuifungua, na mwezi mmoja baadaye anaweza kuitafuta kwa namba hiyo hiyo. Mada kama “Msaada tafadhali” au “Cheti” haitafutiki. Iliyoachwa wazi kabisa huenda ikaishia kwenye kapu la barua taka.

Sentensi ya kwanza ya barua inabeba ombi. Wengi wamefundishwa kuanza na “husika na kichwa cha habari hapo juu”, nayo si kosa, ila haiongezi chochote ambacho kichwa hakijasema. Msomaji mwenye haraka anataka kujua mara moja anaombwa nini. Sababu ya kukihitaji cheti, kama usaili wa kazi wiki ijayo, inaweza kutajwa kwa sentensi moja kama ina tarehe ya mwisho. Habari za ugumu wa maisha ziachwe, maana ofisa hana kifungu kinachomruhusu kuzitumia, na zinaifunika namba anayoitafuta.

Barua iandikwe yote ndani ya barua pepe yenyewe, kisha nakala yake yenye sahihi iwe kiambatisho cha kwanza. Mwili wa barua ukisema tu “tazama kiambatisho”, hakuna kitakachosomeka faili likikataa kufunguka. Zaidi ya hapo, ofisi za serikali zina masijala, mahali ambapo barua huingizwa kwenye jalada na kupewa namba kabla ya kupelekwa kwa mhusika na dokezo lake. Barua pepe nyingi huchapwa na kuingia kwenye jalada hilo kama barua ya karatasi, na kilichochapwa kinapaswa kujitosheleza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazitambua kumbukumbu na sahihi za kielektroniki, lakini sahihi ya mkono inayoonekana bado humtuliza ofisa anayepaswa kulinganisha.

Kuorodhesha viambatisho kwa namba ndani ya barua kunaonekana kama urasmi wa ziada, kumbe kuna kazi ya kweli. Mpokeaji akihesabu mafaili matano wakati barua inasema sita, anajua limepotea moja njiani na anaweza kuuliza lipi. Bila orodha, hakuna anayejua, na ombi linakaa pembeni likisubiri hati ambayo mwombaji anaamini ameshaituma. Majina ya mafaili yafuate orodha hiyo, mfano:

```
1_Barua_S9999-0147-2016.pdf
3_Taarifa_ya_polisi_S9999-0147-2016.pdf
```

Alama ya mkwaju haikubaliki kwenye jina la faili, ndiyo maana namba ya mtihani hapo imeandikwa kwa vistari. Jina kama IMG_20250314.jpg halimwambii ofisa chochote, na akilihifadhi kati ya mengine mia hataliona tena.

Hati zipigwe skani na kuwekwa kwenye PDF. Programu za bure za simu zinafanya kazi hiyo vizuri kama karatasi imelazwa mezani penye mwanga wa dirisha. Pembe zote nne zionekane, na mhuri wa polisi usomeke bila kukuza picha. Hitilafu inayojirudia ni kivuli cha mkono kilichoangukia mhuri, na nyingine ni picha za baadhi ya simu zenye mwisho wa HEIC, ambazo kompyuta nyingi za ofisini hazizifungui. Njia rahisi ya kupima ni mwombaji kujitumia barua hiyo mwenyewe kwanza, kisha kuifungua kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Uzito nao uangaliwe: huduma nyingi za barua pepe hukataa viambatisho vinavyozidi MB 25 kwa jumla, na za ofisi zinaweza kuwa na kikomo cha chini ya hapo. Skani sita za kawaida hazifikii nusu ya kiasi hicho. Zikifika, picha zimepigwa kwa ubora uliopita mahitaji.

Anwani ya mpokeaji ichukuliwe kwenye tovuti ya Baraza yenyewe. Anwani za ofisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na inayoishia na .com, au yenye neno gotz bila nukta katikati, si ya serikali hata ikibeba nembo ya taifa. Mpokeaji awe mmoja. Kupeleka nakala kwa waziri, mkuu wa mkoa na shule kwa wakati mmoja hakuongezi kasi. Kila mmoja hudhani mwenzake ndiye anayeshughulikia, na mara nyingine ombi hurudishwa ngazi kwa ngazi mpaka kufika pale pale Baraza, likiwa limechelewa.

Viambatisho hivi vina taarifa nyeti. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye nayo, kwa hiyo aliye na nakala ya kitambulisho amepata mengi kwa mara moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaibana ofisi inayopokea taarifa hizo, lakini haiwezi kumlinda aliyezituma kwa tapeli. Zitumwe hati zilizoombwa tu. Hati halisi zibaki nyumbani hadi ofisi itakapotaka kuziona ana kwa ana.

Hapo ndipo malipo yanapohitaji jicho. Ada za serikali hulipwa kwa namba ya malipo, ile ambayo watu huiita kontrol namba: tarakimu 12 zinazoanza na 99, iliyotolewa kwa ajili ya mwombaji huyo na huduma hiyo. Anayejibu barua pepe kwa kutaka fedha zitumwe kwenye namba yake ya simu, hata kwa kisingizio cha kuharakisha, hafanyi kazi ya Baraza. Risiti ya malipo nayo itumwe kwa kujibu barua ile ile ya mwanzo, ili namba ya malipo, barua na viambatisho vibaki kwenye mfululizo mmoja.

Ufuatiliaji hufanywa vivyo hivyo. Mwombaji anayeanzisha barua mpya kila wiki huwa anazaa majalada mapya, na kila jalada linaonekana kama ombi jipya lisilo na viambatisho. Anayejibu barua yake ya kwanza anabeba kumbukumbu yote pamoja. Kama ofisi imejibu na kutoa namba ya kumbukumbu, ile inayoandikwa Kumb. Na., namba hiyo ndiyo inayotangulia katika kila barua inayofuata, kwa kuwa sasa ofisi inamtafuta kwa jalada, si kwa mtihani. Sentensi mbili zinatosha: “Tafadhali rejea ombi langu la tarehe 14 Machi 2025 lenye kumbukumbu hiyo hapo juu. Naomba kujua limefikia wapi na kama kuna hati inayokosekana.” Swali la pili ndilo lenye nguvu, kwa sababu linampa ofisa jambo la kujibu hata kama kazi haijakamilika.

Kimya kikizidi muda ambao ofisi yenyewe imeutangaza, hatua inayofuata ni kupiga simu kwenye namba iliyo kwenye tovuti na kutaja kumbukumbu ile ile. Kama hilo nalo halikuzaa jibu, serikali ina mfumo wa e-Mrejesho wa kupokea malalamiko na maoni ya wananchi kuhusu ofisi za umma. Lalamiko likitumwa huko, liambatane na tarehe ya barua ya kwanza, Kumb. Na. kama ipo, na namba ya malipo kama ada imeshalipwa.